Inshallah ya fundi: kuijua ya ahadi na ya kukwepa

*"Nimehamia Unguja kutoka Mbeya, mwezi wa tatu sasa. Fundi seremala anayenitengenezea kitanda, kila nikimuuliza kitakuwa tayari lini, ananijibu 'inshallah' tu. Hiyo ni ndiyo au hapana? Na mimi nimjibu nini bila kumkosea?"*

Ndugu yangu, mimi ni fundi cherehani, niko Ng'ambo, na huu ni mwaka wa 19 nakaa nyuma ya mashine. Neno hilo nimewaambia wateja kila siku ya kazi, na kwa kweli sikuwa nakusudia jambo lile lile kila nilipolitamka. Kwa hiyo nitakueleza kutoka upande wa anayelisema.

Nianze na asili yake, maana inasaidia kuelewa kwa nini hatuliachi. Katika Suratul Kahf, aya ya 23 na ya 24, Mtume anaambiwa asiseme juu ya jambo lolote kwamba atalifanya kesho bila kusema "Mungu akipenda". Wafasiri wanasimulia kwamba aliulizwa habari za vijana wa pangoni, akaahidi kujibu kesho yake bila kulitaja neno hilo, na wahyi ukachelewa. Sisi tuliokulia chuo cha Qur'ani tulifundishwa hivyo kabla hatujajua kuandika. Mama akikwambia "kesho utakwenda kwa bibi yako", unaitikia "inshallah", na usipoitikia anakukumbusha. Wewe ukiwa Mkristo huenda unalijua jambo hili kwa njia yako, kwani katika Waraka wa Yakobo, sura ya 4 aya ya 15, watu wanaambiwa waseme "Bwana akipenda" kabla ya kupanga safari na biashara. Basi ukisikia inshallah kwa Mzanzibari, mwanzo wake ni adabu. Neno lenyewe halijakwambia bado kama kitanda kipo au hakipo. Hilo linasemwa na maneno yanayolizunguka.

Nitakupa kisa kilichonifundisha hili, na kosa lilikuwa langu.

Ilikuwa mwezi wa Shaaban. Kwetu huo ndio mwezi wa harusi, watu wanawahi kabla Ramadhani haijaingia, na fundi analala saa chache. Akaja mteja, mwalimu kutoka bara, na meta nne za lesi. Mdogo wake anaolewa Dar es Salaam siku ya Jumamosi, wiki mbili mbele, na yeye atapanda boti Ijumaa asubuhi. Nikampima, nikaandika vipimo kwenye daftari, akaniuliza, "Litakuwa tayari kabla ya Ijumaa ile?" Nikamjibu, "Inshallah."

Wakati namjibu hivyo, mezani nilikuwa na sare za harusi mbili ambazo hata kukata sijakata. Sikuwa najua kama nitawahi. Nilikuwa natumaini. Yeye alisikia ndiyo, akaenda kukata tikiti ya boti.

Jumatatu ya wiki ya safari akarudi. Lesi yake ilikuwa bado imekunjwa ndani ya mfuko ule ule aliokuja nao. Nikamwambia, "Inshallah kheri, dada, tutaona." Kwa mtu wa hapa, maneno hayo matatu yakikaa pamoja namna ile, na fundi anayasema huku macho yako kwenye sindano, maana yake ni: usinitegemee sana, kama una fundi mwengine mwendee. Nilishindwa kumwambia uso kwa uso kwamba sitoweza, nikalitumia jina la Mungu kujifichia. Naliona ni kosa mpaka leo. Masheikh wetu wanakemea jambo hili wazi: neno limewekwa kwa mtu aliyenuia kufanya, na ukilisema ilhali moyoni umeshakataa, umemdanganya mwenzako.

Jumanne usiku bibi harusi mmoja akaahirisha, sare zake zikangoja. Nikakata lesi ya mwalimu usiku ule ule. Jumatano nikamaliza kuunga, nikamwita aje kulijaribu. Akaja, nikatia alama mahali pa kupunguza kiunoni, nikamwambia, "Njoo Alkhamisi baada ya magharibi, utalikuta limepigwa pasi, inshallah." Hiyo ilikuwa ahadi kamili. Alkhamisi gauni lilining'inia ukutani, limepasiwa, na mimi nikakaa dukani mpaka baada ya isha. Hakuja. Alikuwa amepita Darajani mchana wake na kununua gauni la dukani.

Aliporudi kutoka Dar nikampigia simu. Akaniambia, "Dada fundi, ulinambia inshallah mara tatu. Nitajuaje kwamba ya tatu ndiyo ya kweli?" Sikuwa na jibu siku ile. Aliiamini ile isiyo na kitu ndani yake, akaikataa ile iliyokuwa na gauni tayari.

Nimelifikiria swali lake kwa muda mrefu, na jibu ninalo sasa. Kitazame kitenzi na saa. Mara ya kwanza nilisema neno peke yake, bila kitenzi wala siku. Mara ya pili kulikuwa na "tutaona", ambayo ni "tu" ya watu wasiojulikana na kazi isiyojulikana. Mara ya tatu kulikuwa na "njoo", kulikuwa na siku, na kulikuwa na swala. Hapa mtu akikupa wakati kwa swala, "baada ya laasiri", "baada ya magharibi", ujue ameshaiweka shughuli yako ndani ya siku yake, kwani swala ndizo zinazoigawa siku yetu. Inshallah inayokuja mwisho wa sentensi yenye vitu hivyo ni muhuri. Inshallah iliyobaki peke yake, na hasa ikivutwa, "inshaaallah", ni mlango uliorudishwa bila kufungwa.

Mualiko wa harusi ni vivyo hivyo. Anayesema "inshallah nitakuja na watoto, Ijumaa usiku eeh?" mtengee viti. Anayesema "inshallah" na kukushika mkono kwa upole, amekuombea dua harusi iwe njema, na huenda haji. Mwenyeji wa hapa hakasiriki, kwa sababu amesikia yote mawili.

Lipo jambo moja zaidi ambalo watu wa bara wananiulizia dukani, nalo ni kiapo. Mteja akichoka kungoja anasema, "Basi sema wallahi." Nakuomba usimfanyie fundi wako hivyo. Wallahi ni yamini. Mtu akiapa kwa kukusudia kisha akavunja, ana kafara iliyotajwa katika Suratul Maida, aya ya 89: kulisha maskini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza hayo afunge siku 3. Fundi anayejua dini yake haapi kwa sababu ya kitanda, kwani mbao zinaweza kuchelewa au umeme ukakatika. Ukimbana sana, atakwambia "wallahi inshallah". Wewe utadhani amekuongezea nguvu, maneno makubwa mawili kwa mpigo. Kisheria ni kinyume chake: anayeapa akaunganisha inshallah na kiapo chake bila kukatiza, na amekusudia hivyo, hana kafara akikosa kutimiza. Amekupa kiapo na papo hapo amejitoa ndani yake. Si wote wanaolijua hilo wanaposema, wengine ni mazoea ya ulimi tu, lakini wewe usiyahesabu maneno hayo mawili kuwa ni dhamana.

Sasa fundi wako. Kwanza, usimwambie "achana na inshallah, nipe ndiyo au hapana." Najua unachotaka, unataka uhakika. Yeye anasikia unamtaka aitoe Mungu ndani ya kesho yake, na hilo hawezi. Niliwahi kuambiwa hivyo na mteja na moyo wangu ulifungwa, hata kazi yake niliifanya bila raha. Wewe lipokee neno, mrudishie mwenyewe: "Inshallah, fundi." Halafu uliza kitu chengine.

Uliza juu ya kazi, usiulize juu ya siku. Yule mwalimu angeniuliza Jumatatu, "Umeshakata?" ningelazimika kusema bado, na angejua afanye nini siku nne kabla ya safari. Kwa cherehani, kukata ndiyo hatua inayosema kweli. Kitambaa kisichokatwa hakina tarehe, kikishakatwa naweza kukupa siku na nisikose sana. Kwa seremala muulize, "Mbao umeshanunua? Umesharanda?" Mbao zikiwa bado ziko dukani, inshallah yake ni matumaini, hata akiitamka kwa sauti nzuri. Zikiwa zimerandwa na miguu ya kitanda imesimama, mwambie, "Basi nije siku gani na gari?" Kutaja gari kunasaidia, kwa maana sasa anaona gharama yako ikiwa siku haikutimia. Akikujibu "njoo Jumamosi baada ya laasiri, inshallah", nenda.

Na kabla ya yote hayo, msalimie, na sikiliza anavyokujibu. "Alhamdulillah" ya kawaida ni mzima, mambo yanakwenda. Lakini akisema "alhamdulillahi ala kulli hal", yaani sifa ni za Mungu kwa kila hali, simama hapo. Ndiyo tuliyofundishwa kusema tunapopatwa na tusilolipenda. Mtu anamshukuru Mungu na wakati huo huo anakwambia kuna kitu. Pengine ana mgonjwa, au fedha uliyompa ya mbao imekwenda hospitali na anaona haya kukwambia. Mwaka mama yangu alipolazwa niliwajibu wateja hivyo kwa wiki tatu, na wa hapa wote waliuliza, "Kuna nini, fundi?" Nikawaeleza, wakanipa muda, wengine wakachukua vitambaa vyao bila ugomvi.

Kwa hiyo fundi wako akikujibu hivyo, muulize vivyo hivyo, "Kuna nini, fundi?" Kisha kaa kwenye benchi lake kidogo, usiondoke mara moja.