Kiolezo cha ajenda na muhtasari wa kikao: namba, mhusika na tarehe ya mwisho

"Wakuu, nimechaguliwa katibu wa kamati ya maji ya mtaa. Naombeni kiolezo cha ajenda na muhtasari chenye namba, wahusika na tarehe, maana maazimio yetu yanaishia kwenye karatasi."

Mkuu, mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo, na kiolezo ninachotumia sasa ni cha tatu. Viwili vya mwanzo viliniaibisha.

Ajenda na muhtasari vitoke kwenye faili moja la Word, kwa kuwa vichwa ni vile vile: kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, hoja za siku, mengineyo na kufunga. Ajenda ikishatumwa, ihifadhi kwa jina jingine, kisha chini ya kila kichwa uandike yaliyojadiliwa.

Namba ndizo zilizonitesa. Nilikuwa nikiiachia Word ihesabu yenyewe, hadi siku mwenyekiti alipochomeka hoja asubuhi ya kikao: hoja ya 5 ikawa ya 6, ilhali wajumbe walikuwa wameshika ajenda ya jana yake. Tangu hapo hoja ya dharura huingia kwenye mengineyo, na namba naziandika mwenyewe. Word ikijitia kuzipanga, nabonyeza Ctrl+Z mara moja inaacha. Azimio hubeba pia namba ya kikao na mwaka, ili lisigongane na la kikao kingine.

Mwishoni mwa muhtasari weka jedwali la maazimio:

| Na. | Azimio | Mhusika | Tarehe ya mwisho | Hali |
|---|---|---|---|---|
| 4/2024/5.2 | Kupeleka barua za madai kwa wadaiwa watatu na kuleta nakala zilizosainiwa | Mhasibu | 14/06/2024 | Bado |

Azimio hilo mwanzoni nililiandika "kufuatilia wadaiwa", mhusika "Kamati ya Mikopo", tarehe "kabla ya kikao kijacho". Kikao kiliahirishwa mara mbili na tarehe ikasogea nacho, huku kila mjumbe akidhani mwenzake amekwenda. Kwa hiyo mhusika awe mtu mmoja, hata kama atasaidiwa na wengine. Tarehe iwe ya kalenda, ikiwezekana wiki moja kabla ya kikao ili upate nafasi ya kuwakumbusha. Na azimio litaje kitu kitakachoonekana kikishafanyika, kama zile nakala.

Unapoandaa ajenda inayofuata, hamishia kwenye yatokanayo kila mstari ambao haujakamilika, ukiwa na namba yake ile ile. Kikao kikiongeza muda, usifute tarehe ya zamani, bali andika mpya chini yake. Kwetu mstari mmoja ulifikisha tarehe tatu, na mjumbe mwenyewe ndiye aliyeomba kazi hiyo apewe mwingine.

Jedwali likivuka ukurasa, weka kishale kwenye mstari wa vichwa, fungua Table Layout, bonyeza Repeat Header Rows. Faili tupu lihifadhi kama Word Template (.dotx), ili ukilifungua kwa kubofya mara mbili upate nakala mpya na kiolezo kibaki kilivyo.