Hela ya mjomba: mkopo au zawadi mbele ya mkaguzi wa kodi

"Wakuu, mjomba kanitumia hela ya kuongezea mtaji, akasema nitarudisha nikiweza. Watu wa kodi wakiuliza, niseme ni mkopo au zawadi?"

Mkuu, hilo "nikiweza" ndilo litakalokusumbua. Mkopo ni deni, na deni si mapato, kwa hiyo hautozwi kodi ya mapato. Zawadi ya ndugu nayo katika nchi nyingi haihesabiwi mapato ya aliyepokea, ila zipo zenye kodi ya zawadi yenyewe: Marekani anawajibika mtoaji, Japani mpokeaji. Kwa hiyo usichague jina kwa kutazama lipi ni nafuu. Kinachotazamwa ni mlichokusudia siku hela ilipopita mkono.

Mimi dada yangu mkubwa alinipa 6,000,000, nikaiingiza kwenye akaunti ya biashara. Mwaka uliofuata mkaguzi akajumlisha kila kilichoingia benki, akapata 20,000,000, wakati mauzo niliyotangaza yalikuwa 14,000,000. Ile tofauti akaiita mauzo yaliyofichwa. Nikajibu haraka kwamba ni zawadi. Akanigeuzia taarifa ya benki: kila mwezi 250,000 ilikuwa inarudi kwa dada. Zawadi gani hiyo inarejeshwa?

Kibaya zaidi, marejesho hayo nilikuwa nimeyaandika kama matumizi ya biashara. Hilo ni kosa. Kurudisha deni si gharama. Riba tu ndiyo inayoweza kuwa gharama, tena ikiwa mkopo ulitumika kwenye biashara. Na riba hiyo kwa aliyekopesha ni mapato.

Kilichoniokoa ni ujumbe wa simu ambao dada aliuandika siku mbili kabla ya kutuma: kiasi, na kwamba nianze kulipa baada ya miezi mitatu. Ukiungana na marejesho kumi ya benki, mkaguzi akakubali kuwa ni mkopo. Yale matumizi yaliondolewa na kodi yake nikalipa, lakini 6,000,000 haikuhesabiwa mauzo. Kuna jamaa alinishauri tuandike mkataba tuurudishe tarehe nyuma. Usithubutu, huko ni kughushi, na tarehe za benki zitakuumbua.

Baadaye dada alinisamehe 3,500,000 zilizobaki. Kisheria zawadi ilianzia hapo, si siku ya kwanza, kwa hiyo akaniandikia barua yenye tarehe na kiasi. (Uliza sheria ya kwako kuhusu deni lililosamehewa, hasa likiwa kwenye vitabu vya biashara. Msamaha wa ndugu kwa mapenzi huwa hautazamwi sawa na wa mkopeshaji wa kibiashara.)

Kwa hiyo kabla hujaigusa hiyo hela, muulize mjomba kwa maandishi: "Nianze kurudisha lini, na kiasi gani kila mwezi?" Akikutajia, ni mkopo, ulipe kwa benki, si taslimu. Akijibu "wewe tumia tu mwanangu", hiyo ni zawadi, na huo ujumbe usiufute.