Usiguse mashine kwa sababu ya upweke

Siku niliyofungua saluni yangu Mbagala ilikuwa Jumanne. Saa moja asubuhi feni inazunguka, kioo kinang'aa, shuka nimelikunja begani. Saa nne, hola. Saa sita nilikuwa nimefagia sakafu isiyo na unywele hata mmoja mara tatu.

Nikaamua kuipanga mashine. Ilikuwa nzima, lakini mikono ilikuwa inawasha.

Mashine ina meno mawili: la chini limesimama, la juu ndilo linatembea. Ukilegeza skrubu mbili ukasogeza la chini nyuma, inakata karibu zaidi na ngozi. Nilitaka kipara kitoke kama yai, nikalisogeza mpaka ncha zikalingana. Hapo nilikosea. Jino linalotembea libaki nyuma kidogo, kama unene wa laini ya simu, na mistari yote miwili iwe sambamba. Hata kona moja ikichungulia, itachana.

Saa tisa na nusu akaingia mzee mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Toa zote."

Kwa furaha nikaanza moja kwa moja nyuma ya sikio. Akashtuka. "Kijana, mashine yako inauma." Nikaona mstari mwembamba wa damu.

Nilizima. Pamba safi, nikamkandamiza taratibu mpaka damu ikakata, nikamwomba radhi. Mashine yenyewe sikuipulizia spiriti juu juu tu. Nilifungua meno, nikasugua nywele zote kwa brashi, maana spiriti haifiki vizuri kwenye uchafu na mafuta. Kisha nikayalowesha na kuyaacha yakauke yenyewe, bila kuyafuta. Nikalisogeza jino la chini mbele, nikakaza skrubu, nikadondosha matone mawili ya oili. Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya mchana: nikaiwasha na kuipitisha upande wa ndani wa mkono wangu, bapa, kisha kona ya kushoto, kisha ya kulia. Ikikwaruza hapo, haijafika kwenye kichwa cha mtu. Sikiliza na mlio pia; ikinguruma kwa kukwama, huenda oili imekauka.

Robo saa nzima mzee alikaa na nusu ya kichwa akisoma gazeti la jana. Sijui kwa nini hakuondoka.

"Jumanne asubuhi nani ananyoa?" akaniuliza. "Watu wako kazini. Subiri jioni."

Kweli, kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku nilinyoa vichwa vitano. Siku hizi katikati ya wiki nafungua saa nne, nafunga usiku. Jumamosi nafungua mapema, maana watoto wa shule huletwa asubuhi.

Bei ilikuwa elfu mbili. Mzee alitoa elfu moja na mia tano, akajitazama nyuma ya sikio kwenye kioo, akatoka. Sikumdai.