Ondoa kundi la "mteja msumbufu" kabla halijakumaliza

"Tuna kampuni ndogo, wateja wanapinga invoisi kila wiki. Nataka kuzigawa kwa sababu kwenye Excel: bei, mteja msumbufu, nyinginezo. Makundi hayo yanatosha? Na nitumie programu gani baadaye?"

Wacha! Futa hayo makundi leo leo. Mimi niliweka karibu hayo hayo na yakanila zaidi ya laki tano.

Tunauza sabuni za maji kwa hoteli, tuko Industrial Area. Konsalta mmoja, tai imekaza shingo mpaka damu haifiki kichwani, aliniambia andika tu vile mteja analalamika. Sasa mteja akilipa pungufu karani anaandika "bei". Miezi mitatu, malalamiko 41, "bei" 17. Nikaona basi sisi ni ghali, nikashusha bei asilimia 5 kwa kila mtu. Tulikuwa tunauza kama milioni 1.8 kwa mwezi, yaani nilikuwa natupa 90,000 kila mwezi, miezi sita, na watu wakaendelea kulipa pungufu vile vile. Mke wangu bado ananiita Baba Diskaunti.

Siku nimeketi na makaratasi yenyewe ndio nikaona. Hoteli moja iliagiza mitungi 20 ya 1,800, ukiacha VAT invoisi ni 36,000, wakalipa 32,400. Karani akasema wanakata asilimia 10. Lakini gawa hiyo tofauti ya 3,600 kwa 1,800 unapata 2 kamili, na nakala ya dilivari iko na kalamu ya taniboi: 20 imekatwa, 18 imeandikwa, sahihi ya stoo ya hoteli pembeni. Mzigo ulipungua! Kati ya zile 17, 13 zilikuwa hivyo. Sisi tulikuwa tunatoa invoisi asubuhi kwa kufuata LPO, ile oda ya mteja, lori likienda na pungufu hakuna mtu anarekebisha, na ukishatuma kwa eTIMS ya KRA huwezi kuifuta, ni kredit noti kila mara.

Kwa hivyo weka safu mbili, moja ya maneno ya mteja, nyingine ya chanzo, na hiyo ya pili usiijaze siku ya simu, ijaze siku unafunga kesi, ukiwa na LPO, dilivari na invoisi mkononi. Ile hesabu ya kugawa inakuonyesha tu pa kuanzia, kwa sababu punguzo la 180 kwa kila mtungi pia linaleta 3,600, dilivari ndio inaamua. Na chanzo kiwe kitu chenu: idadi haikurekebishwa, bei ya zamani kwa sistimu, LPO haikuandikwa, invoisi imetoka mara mbili. "Msumbufu" si chanzo, ni hasira ya karani.

Sasa hivi hakuna invoisi inatoka kabla dilivari iliyosainiwa irudi. Mwezi uliopita za idadi zilikuwa mbili, na moja dereva alisahau karatasi kwa gari, sijui alikuwa anaifunikia nini.