Ploti yenye asilimia 127: tulivyojifunza kumpokea mgeni katikati ya kazi

Jumatatu moja jioni nilikuwa ofisini kwetu Chumbageni, Tanga, nakagua jedwali la hesabu za mikoko kabla ya kufunga ripoti ya robo mwaka. Nikafika ploti namba 14: miche hai 127. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Ploti zetu ni mita 10 kwa 10 na miche tuliipanda mita moja moja, mistari 10 ya miche 10, kwa hiyo kila ploti ilianza na miche 100. Ndani ya mwaka mmoja miche inaweza kufa, lakini haiwezi kuzaa wenzake 27.

Aliyehesabu alikuwa kijana mgeni, yuko wiki ya tatu kazini. Nikampigia. "Kaka, nilihesabu kila kilichosimama na kina majani," akanijibu, na sauti yake ilionyesha kabisa kwamba anaona amefanya kazi ya watu. Na kweli alihesabu kwa uangalifu. Ila kwenye tope lile kuna miche tuliyopanda sisi, na kuna iliyoletwa na maji ikashika yenyewe. Sisi wakongwe tulijua kwamba ya maji haiingii kwenye hesabu ya waliopona. Tuliamua hivyo miezi minane nyuma, chini ya mkungu, baada ya kula wali na samaki. Muhtasari wa siku ile uliandikwa hivi: "Utaratibu wa kuhesabu ulijadiliwa na kukubaliwa." Basi, hapo ndipo ulipoishia.

Siku anaanza tulimkabidhi flashi yenye mafaili zaidi ya 140. Andiko la mradi, bajeti, ripoti zote, picha za uzinduzi, mpaka risiti za mafuta ya boti. Tukamwambia asome, akikwama aulize. Nani atauliza swali ambalo hajui kwamba lipo?

Kosa lile lilikuwa limeingia kwenye ploti tisa. Tano ziko juu, unazifikia karibu siku yoyote maji yakipwa. Nne ziko chini kabisa, upande wa bahari, na huko hukanyagi mpaka bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo kwetu Tanga maji yanakuwa yamekauka sana kama saa nne asubuhi. Tukikosa siku zile tatu nne, tunakaa wiki mbili kusubiri nyingine. Tulikuwa tumezikosa. Ripoti ikachelewa, na kijana wa watu akaibeba aibu isiyo yake.

Baada ya hapo nikaitupa ile flashi na tukatengeneza kabrasha la kurasa sita. Nitaueleza zaidi ukurasa mmoja, kwa sababu ndio uliobeba kazi yote. Tunauita ukurasa wa maamuzi.

Kila mradi unaotembea una maamuzi ambayo hayamo kwenye andiko, yamo vichwani. Kuyatoa huko si rahisi, maana mtu akishazoea jambo haoni tena kwamba ni uamuzi, anaona ndivyo dunia ilivyo. Mara ya kwanza nilimwambia kila mmoja aandike "mambo muhimu ambayo mgeni anapaswa kujua." Nikapata maneno ya mabango: ushirikiano, uwajibikaji, kufika mapema. Mara ya pili nikabadili swali: ulipoanza hapa, ulikosea nini ukasahihishwa? Hapo watu wakacheka, na wakaanza kusema. Mmoja alipiga picha za ploti akiwa ameangalia jua, mwaka mzima wa picha haulinganishwi. Mwingine alikwenda kwenye ploti bila kupita kwa mwenyekiti wa kijiji, akarudishwa njiani. Mzee wetu wa boti, ambaye tulimwita kwa heshima tu, ndiye aliyetoa la maana kuliko wote: mlango upi wa mkono wa bahari boti hukaa juu ya mchanga ukichelewa nusu saa. Mchana mmoja ukatupa maamuzi 19.

Kila uamuzi tuliuandika kwa mistari minne tu: tarehe, tulichoamua, sababu, na kitu kitakachotufanya tubadili. Ule wa ploti 14 unasomeka hivi sasa: "Kwenye safu ya waliopona tunahesabu miche tuliyopanda sisi, iliyo kwenye mstari. Iliyoota yenyewe inaandikwa kwenye safu yake. Tukichanganya hatutajua kama upandaji wetu umefaulu au bahari imejipandia. Tutabadili siku mistari itakapoacha kuonekana." Usiuache mstari wa sababu hata ukiwa na haraka. Mgeni mwenye amri bila sababu ataifuata mpaka akutane na mche uliopinda nusu mita nje ya mstari, kisha atabuni la kwake. Mwenye sababu anaweza kupima mwenyewe.

Kurasa nyingine ni za kawaida. Mmoja unasimulia mradi ulikotoka na ulipofika, mmoja unaonyesha nani anaamua nini (si vyeo, maamuzi: nani anaruhusu boti itoke, nani anaongea na kijiji), mmoja ni kalenda ya miezi mitatu ijayo ya bamvua na maji mafu, yaani siku ambazo bahari haipwi sana. Upo wa maneno, na huo ulitushangaza, kwa kuwa tuligundua mti unaoitwa mkandaa kijiji hiki sio unaoitwa mkandaa kijiji cha pili. Wa mwisho ni mtupu, umeandikwa juu "Sijaelewa". Nywila hazimo, wala majina na namba za simu za wanakijiji, na tangu ipite Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 sioni kwa nini mtu azitembeze kwenye flashi.

Kabrasha likiwa tayari akaja mgeni wa pili, binti kutoka Muheza. Safari hii kosa ambalo sikutaka kurudia lilikuwa la kazi za mwanzo. Yule kijana tulimpa ploti mpya, ambazo hakuna aliyewahi kuzihesabu. Akikosea utajuaje? Utajua ikizidi 100, na bahati yako ikizidi. Kama angepata 80 badala ya 60, ingepita hivyo hivyo mpaka kwa wafadhili.

Kwa hiyo binti tulimpa ploti ambazo tayari zilishahesabiwa na wawili wetu wiki ile ile, bila kumwonyesha majibu. Kazi ni ya kweli, simu ni ile ile, tope ni lile lile, lakini akikosea haumii mtu. Tukakubaliana mapema kabisa: tofauti ya miche mitatu au pungufu ni sawa, ikizidi tunarudi wote kutazama. Siku moja kabla alijaza fomu ya majaribio kwenye KoboCollect, programu ya simu tunayojazia hesabu, na kuituma, ili ajionee kwamba fomu ikishajazwa hukaa kwenye `Ready to send` mpaka mtandao upatikane, na kwamba kukaa hapo si kutumwa. Hilo limeshampoteza zaidi ya mmoja.

Ploti ya kwanza alipata 83, sisi 84. Ya pili 90, sisi 90. Ya tatu, namba 22, akapata 61 na sisi 74.

Nakiri, mawazo yangu ya kwanza yalikuwa kwamba binti amechoka. Kesho yake maji yalikauka kama dakika 50 baadaye kuliko jana yake, tukaenda wanne, tukaanza kufunga kitambaa kila mche tuliobishania. Ilikuwa 13, yote ya aina ile inayoitwa mkoko hasa, si mchu wala aina nyingine za miti ya mikoko, imepoteza majani yote na ncha ya juu, mashina bado mabichi. Sisi tulikuwa tunaparura ganda kwa kucha, tukiona kijani ndani tunaandika hai. Yeye aliandika imekufa.

"Kwa nini?" mwenzangu akamuuliza.

"Kwenye kabrasha hamna mlipoandika habari ya kuparura," akasema. "Na nyumbani mkoko ukikatwa ncha hatuusubiri. Mchu ndio unaochipua."

Alikuwa sahihi mara mbili. Kuparura hakukuwamo kwenye ukurasa wa maamuzi, kwa sababu hakuna aliyewahi kukosolewa kwa hilo, sote tulifanya vile vile. Na miti hiyo kweli haifanani: mchu ukipoteza ncha hutoa machipukizi pembeni, mkoko ukishapoteza ncha na majani mara nyingi umekwisha, hata kama shina litabaki bichi kwa wiki kadhaa. Mwezi uliofuata tulirudi kwenye vitambaa vyetu. Kati ya miche 13, 11 ilikuwa mikavu. Uamuzi wa 20 aliuandika yeye kwa mkono wake: kuparura ni kwa mchu peke yake, mkoko usio na jani wala ncha unaandikwa umekufa. Ploti zetu za nyuma tulizirekebisha kwa picha pale ilipowezekana, na kwenye ripoti tukaeleza ni zipi hazikurekebishika.

Unapompa mgeni kazi ya kurudia, basi, usimwonyeshe majibu yako hata akikuomba. Akiyaona atayasogelea, na hautajua kosa ni la nani.

Haya yote yana gharama, na ni vizuri kiongozi wa timu azipige hesabu kabla. Mwenza wa mgeni, yule anayetembea naye na kujibu maswali, alitumia siku mbili nzima kati ya tano za wiki ya kwanza, na kama siku moja wiki ya pili. Tukawapunguzia wote wawili kazi kwa kiasi hicho, tukaandika kwenye ratiba, si kwa maneno ya "utamsaidia saidia." Tena mtu mmoja haongezi mazungumzo mamoja. Tulipokuwa sita, jozi za watu wanaopaswa kuelewana zilikuwa 15. Tulipofika saba zikawa 21. Ndiyo maana maswali yake ya wiki mbili za mwanzo yalipita kwa mwenza kwanza, na kundi la WhatsApp alilikuta siku ya nne, akishajua nani ni nani.

Kazi mbili sasa simpi mgeni wiki ya kwanza. Moja ni kuandika muhtasari wa kikao, ingawa kila mahali ndiyo wanayopewa wageni, kwa sababu hajui bado neno lipi lina uzito na matokeo yake ni ile sentensi ya "ulijadiliwa na kukubaliwa." Nyingine ni kwenda kijijini peke yake. Kwanza aende na mzee wa boti, atoe shikamoo zake, atambulishwe, anywe kahawa, arudi bila kuuliza mtu swali lolote la fomu. Na simpokei mtu wiki ya bamvua. Wiki hiyo kila mmoja yuko kwenye tope tangu asubuhi na hakuna wa kumjibu, kwa hiyo tunamwanzisha maji mafu, anasoma na kutembezwa, bamvua ikifika yuko tayari kuhesabu.

Yule kijana wa kwanza hakuondoka. Yeye ndiye mwenza wa wageni siku hizi, na ukurasa wa "Sijaelewa" ndio anaoanza nao. Toleo tulilo nalo lina maswali 11, kumi yameshajibiwa. Lililobaki linauliza miche iliyoota yenyewe itaingia safu gani mistari ikishapotea, na tumepanga kuliamua mwandamo ujao, papo hapo kwenye ploti 14.