Ushuhuda wa mteja: namna ya kuugeuza posti inayouza bila kuongeza chumvi

Tuchukue ujumbe mmoja, wa aina inayoingia kwenye WhatsApp ya kila anayeuza kitu. Mteja alinunua mto wa kukalia, ule unaowekwa juu ya kiti cha ofisi. Wiki kadhaa baadaye anaandika hivi:

"Habari za leo. Jamani ule mto nimeupenda, mgongo haunisumbui kama zamani, sasa nakaa mpaka jioni. Ila kifuniko chake kinateleza kidogo nikivaa nguo laini. Asanteni sana mbarikiwe."

Muuzaji mwenye haraka ataandika: "Mteja wetu amepona kabisa maumivu ya mgongo! Agiza wako leo." Mteja hakusema amepona. Alisema mgongo haumsumbui kama zamani, maana yake huenda bado unamsumbua, ila nafuu ipo. Neno "kabisa" halimo kwenye ujumbe wake. Hakusema pia kwamba ni mto peke yake ulioleta nafuu hiyo. Na ile habari ya kifuniko kuteleza imetoweka bila kuagwa.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hulikosea tangu mwanzo. Maneno ya mteja ukishayaweka kwenye tangazo lako yanakuwa madai yako. Kujitetea kwamba "ni yeye aliyesema" hakusaidii, kwa sababu wewe ndiye uliyeyachagua, ukayapamba na kuyatangaza ili uuze. Hata kama mteja angeandika kwa mkono wake kwamba amepona, bado usingeweza kuyatumia bila ushahidi kwamba mto wa aina hiyo unaponya.

Kipimo chake ni rahisi. Futa alama za kunukuu, kisha isome sentensi kana kwamba umeiandika wewe kwenye lebo ya bidhaa. Je, ungeweza kuithibitisha mtu akikudai uthibitisho? Maneno kuhusu ulaini, ukubwa, namna mzigo ulivyofika au jinsi mteja alivyohudumiwa hupita bila shida. Maneno kuhusu maradhi, uzito wa mwili, kipato au usalama yanahitaji ushahidi ulio nje ya mteja huyo. Kwa kipimo hiki, ile sentensi ya mgongo, ambayo ndiyo inayovutia macho kuliko zote, inabaki kwenye faili. Sentensi ya kufanyia kazi ni iliyofuata: "sasa nakaa mpaka jioni."

Tatizo ni kwamba sentensi hiyo, peke yake, ni nyepesi. Wengi wakifika hapo ndipo huanza kutunga. Dawa yake ni kurudi kwa mteja na kumuuliza, kwa sababu kinachomshawishi mnunuzi ni undani wa maisha yanayofanana na yake, na undani huo anao mteja tu. Maswali manne yanatosha. Kabla ya kununua ulikuwa unahangaika na nini hasa? Unatumia vipi, na umetumia kwa muda gani? Katika muda huo kuna kitu kingine ulichobadilisha? Na mtu wa aina gani usingemshauri anunue?

Uliza kwa namna isiyomtilia maneno mdomoni. "Mto umekusaidia sana, sivyo?" ni swali linalomlazimisha mtu mpole kuitikia ndiyo, na jibu lake halina thamani. Swali la tatu ndilo ambalo watu huliruka kwa kuogopa jibu, nalo ndilo linalokuokoa. Tuseme mteja wetu anajibu hivi: yeye ni mhasibu, anakalia kiti cha mbao, alikuwa akisimama kila baada ya muda mfupi kwa sababu ya ugumu wa kiti, ametumia mto kwa wiki tatu, na katika wiki hizo pia aliinua skrini ya kompyuta ilingane na macho. Hangemshauri mtu mwenye kiti kirefu ambaye miguu yake haigusi sakafu vizuri, kwa sababu mto unaongeza kimo.

Sasa posti inajiandika yenyewe:

"'Sasa nakaa mpaka jioni.' Ni maneno ya mteja wetu, mhasibu anayefanya kazi kwenye kiti cha mbao. Anasema kabla ya mto huu alikuwa akisimama kila mara kwa sababu ya ugumu wa kiti. Ameutumia wiki tatu. Katika muda huo aliinua pia skrini ya kompyuta yake, kwa hiyo si mto peke yake uliobadilika pale mezani. Analolalamikia: 'kifuniko chake kinateleza kidogo nikivaa nguo laini.' Na kama ukikaa sasa hivi miguu yako haigusi sakafu vizuri, mto huu utakuinua zaidi, kwa hiyo pima kwanza. Ni mto wa kukalia kwa raha, si wa matibabu."

Isome kwa jicho la mnunuzi. Mwenye kiti kigumu anajiona humo. Mwenye kiti kirefu anajua kwamba haumfai, na huyo asingekaa nao siku mbili kabla ya kudai fedha zake. Lalamiko dogo lililoachwa mahali pake linafanya sifa iliyotangulia iaminike, maana mnunuzi ameshachoshwa na shuhuda zisizo na hata doa moja.

Kuhusu kukata maneno: salamu, marudio, makosa ya herufi na baraka za mwisho vinaweza kuondoka bila kumdhulumu mtu. Visivyoguswa ni vile vineno vidogo vinavyobeba kipimo: "kidogo", "kama zamani", "kwa upande wangu", "mpaka sasa", "nadhani". Ukitoa "kama zamani" kwenye "haunisumbui kama zamani" umebadili nafuu kuwa uponyaji, na hujaongeza hata neno moja. Usiunganishe pia sentensi mbili zilizotoka siku tofauti zikasomeka kama pumzi moja. Ukishamaliza kukata, mtumie mteja toleo la mwisho na umwulize kama ndicho alichomaanisha. Akisita, rekebisha. Na kama umelitafsiri neno lake kutoka lugha nyingine, andika kwamba ni tafsiri.

Swali gumu zaidi ni hili: je, mteja huyu anafanana na wengine? Posti moja ikisimama juu ya ukurasa, msomaji huichukua kuwa ndivyo inavyokuwa kwa mnunuzi yeyote. Kuandika chini kwa herufi ndogo "matokeo hutofautiana" hakuondoi dhana hiyo. Marekani iliwahi kuwaruhusu watangazaji wajikinge kwa tahadhari ya namna hiyo. Tume yao ya Biashara (FTC) iliporekebisha mwongozo wake mwaka 2009 iliondoa kinga hiyo, baada ya utafiti kuonyesha kwamba tahadhari za aina hiyo haziwazuii wasomaji wengi kuamini kuwa matokeo yaliyosimuliwa ni ya kawaida.

Kwa hiyo tafuta picha ya jumla kabla ya kuchagua nani awe juu. Tuseme umewaandikia wanunuzi 20 wa karibuni swali lile lile, bila kuchagua wale unaojua wamefurahi. Wamejibu 11. Kati yao 6 wanasema wanakaa kwa raha zaidi, 3 hawaoni tofauti, na 2 wameacha kuutumia kwa sababu ya kimo. Basi mhasibu wetu yuko kundi kubwa na anafaa kuwa mfano. Lakini usiandike "wateja wetu wengi wanakaa kwa raha zaidi", kwa sababu 9 hujui habari zao, na aliyeridhika mara nyingi ndiye anayepata moyo wa kujibu. Andika kama ilivyo: "kati ya wanunuzi 11 waliotujibu, 6 wanasema hivi." Kama matokeo mazuri mno yamempata mmoja tu, basi mwache apumzike kwenye faili, au msimulie ukisema wazi ndani ya posti yenyewe kwamba ni yeye pekee.

Ruhusa iombwe kwa maandishi na iwe na mipaka. "Naweza kutumia ujumbe wako?" haitoshi. Taja maneno yenyewe, taja utayaweka wapi, uliza jina litokee vipi, na useme kama utalipia posti hiyo isambazwe kama tangazo, kwa sababu aliyekubali kuonekana kwa wafuasi wako pengine hakukubali kuonekana kwa watu asiowajua kabisa. Ukitumia skrinshoti, ziba namba, picha ya mtu na majina ya wengine waliomo kwenye mazungumzo. Zibia kwa rangi nzito isiyopenya. Ukungu mwepesi mara nyingine husomeka. Na skrinshoti iwe ya mazungumzo yaliyotokea kweli. Ukishahariri maneno, yaandike kama maandishi ya kawaida. Kuyachapa upya ndani ya umbo la mazungumzo ya simu ili yafanane na ujumbe halisi ni kughushi, hata kama kila neno ni la mteja.

Kama mteja alipewa mto bure, punguzo au zawadi, hilo linasemwa mwanzoni mwa kapsheni, kabla ya mahali programu inapokata maandishi na kumtaka msomaji abonyeze aone zaidi. Vivyo hivyo kama ni ndugu yako au mfanyakazi wako. Unaweza kumpa mtu zawadi kwa kutoa maoni, lakini usiifungamanishe na maoni mazuri. Punguzo la "tuandikie sifa upate" linakuletea maneno yasiyoweza kutumika tena popote.

Kwa kila posti hifadhi folda moja yenye ujumbe asilia wote bila kukatwa, majibu ya maswali manne, ruhusa, toleo lililochapishwa, na tarehe pamoja na toleo la bidhaa ambalo mteja alinunua. Hilo la mwisho husahaulika. Kiwandani wakibadilisha sifongo ya ndani ikawa nyembamba, mhasibu wetu alikuwa akisifu mto ambao huuzi tena, na posti yake inapaswa kushushwa siku mzigo mpya unapoingia sokoni, hata kama ndiyo inayoleta oda nyingi. Wakibadilisha kifuniko tu, mrudie: mtumie kipya, ukiandika kwamba umempa bure, na usubiri aseme kama kinateleza.