Nyimbo za TikTok kwa video za duka

"Nina duka la viungo Darajani. Akaunti ya biashara TikTok hainipi nyimbo zinazovuma. Nikirudi akaunti binafsi, itafaa?"

— Itafaa. Mie nilibadilisha, nyimbo zote zikarudi.

— Zinarudi kweli, lakini ruhusa hairudi nazo. Nyimbo za akaunti binafsi TikTok imezilipia kwa matumizi yasiyo ya biashara tu. Ukionesha pakiti za karafuu na bei yake, hilo ni tangazo, akaunti iwe ya aina gani. Mie hupandishia maduka video: ukiwasha kitufe cha "Your brand", kinachosema video inatangaza biashara yako, kabla ya kutuma, unatakiwa utumie sauti za Commercial Music Library, maktaba ya TikTok ya nyimbo za biashara. Usipokiwasha, wimbo unaweza kukaa wiki kadhaa, kisha video ikanyamazishwa wakati ndiyo inaleta wateja.

Jengine: ruhusa ya maktaba ile ni ya TikTok peke yake. Usiishushe video ukaipeleka Instagram na wimbo wake; kule chukua wimbo Meta Sound Collection, maktaba ya wenye Instagram. Mie huhifadhi video kavu, kisha natia sauti kila pahala mbali. Tena sauti ya kinu kikitwanga iliki na sauti yako mwenyewe ukitaja bei hazihitaji ruhusa ya mtu.

— Na taarabu niliyoirikodi mwenyewe harusini?

— Umerikodi wewe, wimbo si wako. Waombe wenyewe kwa maandishi. Nani hasa atie saini, kikundi au mtunzi, hutegemea walivyokubaliana wao.